Mla Wali na Ugali Hahitaji Kopo la Mchele

Fundi mmoja wa mitumbwi, kijana wa Kirumba hapa Mwanza, alinijia nyumbani jioni akiwa na kopo kubwa jeusi kwapani. Mwaka mmoja nyuma aliacha nyama, samaki, mayai na maziwa kwa ajili ya imani yake. Mchana anapigilia mbao ufukweni, jioni ananyanyua vyuma kwenye jimu isiyo mbali na Mwaloni. "Shikamoo mwalimu," alisema, akaliweka kopo mezani. "Naomba unisomee hili. Nakunywa vijiko viwili kila siku, huu mwezi wa nne, na uzito ninaonyanyua hauongezeki."

Lilikuwa kopo la protini ya mchele. Aliyemuuzia alimwambia mambo mawili. La kwanza, kila kijiko cha kopo kina gramu 25 za protini, sawasawa na unga wa wei wanaotumia wenzake. La pili, mchele haujazi tumbo gesi kama njegere. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na bado kijana alikuwa amenunua kopo lisilomfaa. Kwa nini vyuma vyake vimesimama siwezi kukata shauri kwa kuangalia kopo tu, maana kuna usingizi, kuna mpangilio wa mazoezi, kuna kazi ya kubeba mbao juani kutwa nzima. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba zile gramu 25 za mchele hazikumfanyia kazi ambayo gramu 25 za wei zingemfanyia, na kwamba sababu yake imo ndani ya sahani anayokula kila siku.

Wei ni yale maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Yakichujwa na kukaushwa yanakuwa unga. Ni maziwa, kwa hiyo mla mimea hagusi. Njegere zinazotengenezewa unga wa protini ni zile kavu za njano, siyo zile za kijani tunazopika kwenye pilau. Zinasagwa, protini inayeyushwa kwenye maji yaliyoongezwa alikali, wanga na makapi vinatolewa, kisha maji yanatiwa asidi kidogo mpaka protini inaganda na kuzama. Kinachozama ndicho kinachokaushwa. Mchele nao hutolewa wanga, mara nyingi kwa vimeng'enya, ikabaki protini. Unga mzuri wa aina yoyote kati ya hizi tatu huwa na protini kama gramu 80 katika kila gramu 100. Kufikia hapo, muuzaji hakudanganya.

Tatizo ni kwamba protini si kitu kimoja. Ni mnyororo wa amino asidi 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziliwe. Nilimweleza kijana kwa kazi yake mwenyewe. Ukitaka kuunda mtumbwi unahitaji mbao, misumari na pamba ya kuziba nyufa. Mtu akikuletea mbao za mitumbwi kumi na misumari ya mitumbwi sita, utaunda mitumbwi sita. Mbao zinazobaki hazigeuki misumari. Mwili nao hauna ghala la kudumu la kuweka amino asidi zilizozidi zikisubiri wenzao. Zinavunjwa, nyingine zinachomwa kama kuni za nguvu, na naitrojeni yake inatoka kwenye mkojo kama urea.

Kwa wala mimea, misumari inayopungua huwa ya aina mbili. Ya kwanza ni laisini. Nafaka zote tunazozijua, mahindi, mchele, mtama, ngano, zina laisini kidogo. Ya pili ni zile mbili zenye salfa, methionini na sisteini, ambazo huhesabiwa pamoja kwa sababu mwili unaweza kutengeneza sisteini kutoka kwenye methionini. Hizi ndizo zinazopungua kwenye maharage, choroko, dengu, kunde na njegere. Kwa hiyo nafaka ina kile ambacho jamii ya kunde haina, na jamii ya kunde ina kile ambacho nafaka haina.

Kipimo kinachotumika kwa mtu mzima kilitolewa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013. Kinasema kila gramu moja ya protini unayokula inapaswa kukuletea walau miligramu 48 za laisini na miligramu 23 za zile mbili zenye salfa. Sasa tazama makopo. Hesabu hutofautiana kidogo kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, lakini gramu moja ya protini ya wei ina laisini karibu miligramu 90, na zenye salfa zaidi ya 40. Wei inavuka mistari yote miwili bila jasho. Njegere ina laisini kama 72, nyingi kabisa, lakini zenye salfa ni kama 20, chini kidogo ya mstari. Mchele una zenye salfa kama 48, mara mbili ya kinachotakiwa, lakini laisini yake ni kama 31 tu.

Ona ukubwa wa mapengo. Njegere inakosa kidogo. Mchele unakosa theluthi nzima. Watu huyataja makopo haya mawili kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, "protini za mimea", lakini yana udhaifu wa aina tofauti na wa ukubwa tofauti. Anayeyaweka rafu moja na bei moja anamfichia mnunuzi jambo la maana kuliko yote.

Sasa turudi kwenye sahani, maana hakuna mtu anayeishi kwa kopo. Nilimwuliza kijana anakula nini. Ugali wa dona mchana, na uji wa dona asubuhi. Usiku wali na mchicha. Karanga za kukaanga mfukoni. Maharage? "Maharage nayaogopa mwalimu, tumbo linaunguruma nikiwa nimeinama kazini." Tukaandika kwenye karatasi. Unga wa dona kama gramu 300 kwa siku unampa protini gramu 25 hivi. Mchele mkavu gramu 150, protini gramu 10. Karanga gramu 50, protini gramu 13. Jumla 48. Mchicha tuliuacha nje ya hesabu kwa sababu protini yake ni ndogo.

Katika hizo gramu 48 za chakula kuna laisini kama miligramu 1,500 na zenye salfa kama 1,800. Gawanya kwa 48. Laisini inakuwa 31 kwa gramu, na kipimo kinataka 48. Zenye salfa zinakuwa 37, na kipimo kinataka 23 tu. Sahani yake, kabla ya kopo lolote, imejaa salfa na inalilia laisini.

Hapo ndipo inapoonekana dagaa walikuwa wanafanya kazi gani. Watu wa kanda hii hula ugali kwa dagaa bila kufikiria amino asidi, na hawana haja ya kufikiria, kwa sababu samaki wana laisini tele, kwenye 90 kwa gramu ya protini. Dagaa kidogo juu ya tonge la ugali wanaziba pengo lote la mahindi. Maziwa ya mgando hufanya kazi hiyohiyo. Mtu anapoacha samaki na maziwa kwa pamoja, asiongeze maharage, hajaondoa "protini" tu kwenye sahani yake. Ameondoa laisini hasa. Na kopo linalokuja kuchukua nafasi ya dagaa lazima lije na laisini, la sivyo limekuja bure.

Tuliongeza vijiko viwili vyake vya mchele, gramu 50 za protini. Jumla ya protini ikapanda kutoka 48 hadi 98, ikapendeza machoni, kwa sababu kijana ana kilo 68 na anayejenga misuli hushauriwa kulenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama 109. Laisini ikapanda kutoka 1,500 hadi 3,050. Gawanya kwa 98. Ni 31. Ileile. Kopo limeongeza wingi, lakini mizani haijasogea hata unywele, kwa sababu alikuwa amemwagia mchele juu ya wali. Kijana aliitazama ile 31 ya pili muda mrefu, akaichorea duara kwa kalamu.

Kisha tukafuta mchele, tukaweka njegere, gramu 50 zilezile za protini. Laisini ikawa 5,100, sawa na 52 kwa gramu. Imevuka mstari. Zenye salfa, ambazo njegere peke yake inapungukiwa, zikawa 2,800, sawa na kama 29 kwa gramu, kwa sababu dona na wali vilikuwa na ziada ya kutosha kuifidia njegere. Na kama angekuwa anatumia wei, laisini ingekuwa 61 na salfa 40. Wei bado inaongoza. Lakini tazama umbali ulivyopungua: kopo kwa kopo, wei ilikuwa na mara mbili ya salfa ya njegere, mezani, juu ya ugali, zote mbili zinavuka mistari yote. Ndiyo maana nasema swali la "njegere au wei, ipi bora" likiulizwa bila kuitaja sahani linakosa jibu la maana. Kwa mzungu anayekula viazi na mboga za majani jibu ni moja, kwa mla ugali wa Kirumba jibu ni lingine.

Hapa wengine huuliza kama lazima njegere na ugali viliwe kwa wakati mmoja. Hapana. Mwili una akiba ndogo inayozunguka kwenye damu na ndani ya seli, na milo ya siku moja huchangiana. Njegere ya asubuhi na ugali wa mchana ni wamoja.

Hadi sasa nimehesabu kilichoingia mdomoni. Kilichoingia mdomoni na kilichoingia kwenye damu ni vitu viwili, na hapo ndipo pa kuzungumzia usagaji.

Zamani ubora wa protini ulipimwa kwa kulisha panya na kupima naitrojeni iliyotoka kwenye kinyesi. Kilichoingia ukitoa kilichotoka, basi kinachobaki kimetumika. Kasoro yake ni kwamba amino asidi hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba tu. Zinazopita hapo bila kusagwa zinaingia utumbo mpana, na huko bakteria wanazila. Hazitoki kwenye kinyesi kama zilivyo, kwa hiyo kipimo kinaziandika kama zimetumiwa na mwili, kumbe zimetumiwa na wapangaji. Kipimo kile cha 2013, kinachojulikana kwa herufi DIAAS, kinapima mwishoni mwa utumbo mwembamba, kabla bakteria hawajagusa, tena kwa kila amino asidi peke yake. Kingine kilichobadilika ni kwamba kipimo cha zamani kilikata kila kitu kwenye 100. Wei iliyovuka mbali na protini iliyogusa tu mstari vyote viliandikwa 100, ikaonekana ni sawa. DIAAS haikati.

Kwa kipimo hiki wei inapata zaidi ya 100. Njegere imepata matokeo tofauti maabara kwa maabara, kuanzia sabini na kitu hadi 100 kwa mtu mzima, kutegemea unga wenyewe na kama waliopimwa ni nguruwe au watu. Kwa watu, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliona karibu asilimia 94 ya protini ya njegere iliyochujwa inafyonzwa, dhidi ya kama 97 ya protini ya maziwa iitwayo kasini. Hiyo ni tofauti ndogo. Mchele ndio unaobaki nyuma. Katika kipimo kilichofanywa kwa viwango vya watoto wadogo, ambavyo ni vikali zaidi, ulipata 37, wakati njegere ilipata 82 palepale.

Kwa nini basi watu husema protini ya mimea haisagiki? Kwa sababu wanakumbuka maharage, na kumbukumbu yao ni sahihi. Punje nzima ya jamii ya kunde imefunga protini ndani ya kuta za seli ambazo meno na tumbo havizivunji zote. Pia ina vizuizi vya tripsini, yaani kemikali zinazokizuia kimeng'enya kinachokata protini, na ina faiteti na tanini, ambazo nazo hupunguza usagaji. Kuloweka usiku kucha, kumwaga maji na kuchemsha hadi ziive vizuri hupunguza sana vizuizi hivyo lakini hakuvunji kuta zote. Uchujaji wa kiwandani huondoa kuta zote pamoja na wanga, pamoja na zile sukari zinazoleta gesi. Kwa hiyo hofu ya kijana kuhusu njegere ilikuwa hofu ya njegere za sufuriani. Njegere za kopo ni kitu kingine tumboni, ingawa wapo wachache wanaosumbuliwa na hata hizo, hasa wakianza na vijiko viwili kwa mkupuo.

Na hapa nataka kuonya juu ya kosa ambalo nimeliona zaidi ya mara moja. Kwa kuwa makopo ni ghali, watu wananunua unga wa dengu au wa njegere sokoni, ule wa kupikia bajia, wanaukoroga mbichi kwenye maji na kuunywa wakiamini ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Unga wa punje nzima una protini kama gramu 20 hadi 25 katika gramu 100, siyo 80, na zaidi ya nusu yake ni wanga. Ukiwa mbichi, vile vizuizi vya tripsini viko hai vyote. Aliyeunywa atajaa gesi na kuharisha, na protini atakayopata ni kidogo. Bajia ni chakula kizuri, lakini kwanza iive.

Unaweza kuutambua unga bila maabara. Soma lebo kwa gramu 100, siyo kwa kijiko, maana ukubwa wa kijiko anauchagua muuzaji. Kama wanga unazidi protini, huo ni unga wa kupikia uliotiwa kwenye kopo. Kama huiamini lebo, au unga umepimiwa kwenye mfuko usio na lebo, koroga kijiko cha chai kwenye maji ya moto, uache upoe kabisa, kisha dondoshea matone mawili ya ayodini ya dukani. Tulifanya hivi sekondari kwa kiazi na majani. Unga wenye wanga mwingi hugeuka buluu iliyoiva hadi nyeusi papo hapo. Protini iliyochujwa vizuri hubaki na rangi ya kahawia ya ayodini, au huchafuka kidogo tu. Kipimo hiki kinakamata wanga peke yake. Hakikuambii kama mtu ameongeza glaisini, amino asidi ya bei rahisi, ili naitrojeni ionekane nyingi kiwandani wanapopima. Kwa hilo dawa ni kutafuta kopo lenye jedwali la amino asidi zote, na kuangalia mwenyewe kama laisini ipo katika wingi niliotaja.

Kijana alikuwa na kosa jingine ambalo sikulitarajia. Mke wake, kwa nia njema kabisa, alikuwa anachanganya unga wa kopo kwenye donge la maandazi pamoja na sukari, kisha anakaanga, kwa sababu mumewe hapendi ladha ya kunywa. Laisini ina tabia ya peke yake: mkono wake mmoja uko wazi, na kwenye moto mkali mkavu unashikana na sukari. Ule wekundu mzuri wa ngozi ya andazi ni sukari na amino asidi vimeshikana, na laisini iliyoshikwa hivyo mwili hauwezi kuitumia. Hasara iko zaidi kwenye ngozi kuliko ndani, lakini kwa mtu ambaye laisini ndiyo iliyokuwa haba tangu mwanzo, kuikaanga ni kuongeza jeraha. Uji ni salama. Majini joto halivuki kiwango cha kuchemka, hakuna kukauka, na ukikorogea unga wa protini baada ya kuepua sufuria hupotezi kitu cha kuhesabu.

Kuna upande mmoja ambao wei inabaki mbele na sitaki kuuficha. Ni lusini, amino asidi inayowasha kazi ya kujenga misuli baada ya mazoezi. Makadirio yanayotumika sana ni kama gramu 2.5 kwa mlo mmoja kuiwasha vizuri. Gramu 25 za protini ya wei zina lusini kama 2.6. Gramu 25 za njegere zina kama 2.05, na mchele karibu hivyohivyo. Haitoshi, lakini suluhisho ni kuongeza kipimo: gramu 31 za protini ya njegere, yaani kama gramu 39 za unga wenyewe ikiwa ni ule wa asilimia 80. Ni kijiko kimoja na robo badala ya kijiko kimoja. Gharama inapanda kwa robo, na anayelinganisha bei ya makopo mawili aiweke robo hiyo ndani.

Utafiti wa mazoezi unaendana na hesabu hii. Mwaka 2015 wanaume 161 walifanyishwa mazoezi ya mikono kwa wiki 12, wengine wakipewa gramu 25 za njegere mara mbili kwa siku, wengine wei, wengine unga usio na kitu. Unene wa misuli ya mkono wa njegere na wa wei haukutofautiana. Kuhusu mchele, mwaka 2013 wanaume 24 walipewa mchele au wei kwa wiki 8, na hapo pia hakukuwa na tofauti. Utafiti huu wa mchele ndio wauzaji wanaoupenda kuutaja. Wasichosema ni kwamba kipimo kilikuwa gramu 48 kwa mara moja, karibu mara mbili ya kijiko wanachouza, na kwamba washiriki hawakuwa watu walioacha nyama na maziwa. Laisini yao ilitoka kwingine. Huwezi kuchukua matokeo ya mtu mwenye kipande cha nyama sahanini ukamhakikishia nayo mla dona na mchicha.

Mchele una jambo jingine la kuuangalia kwa anayeutumia kila siku mwaka mzima. Mpunga hukua majini, na katika hali hiyo hunyonya aseniki kutoka kwenye udongo kuliko nafaka nyingine. Ni sababu ya kudai kopo lililopimwa metali, na kutoufanya mchele uwe chanzo pekee.

Basi mchele wa kopo una kazi gani? Ipo moja: kumfidia mtu ambaye sahani yake ni ya kunde tupu. Mtu anayeishi kwa dengu, choroko na mboga, asiyegusa ugali, anapungukiwa salfa, na kwake mchele wa kopo una maana. Hapa kwetu mtu huyo sijamwona. Kwa hiyo nawaambia wanaouza makopo Mwanza waziwazi: mla mimea wa kanda hii akija dukani, mwulizeni anakula nini kabla ya kunyanyua mkono kwenye rafu. Akisema ugali na wali, mpeni njegere. Akikubali maharage yaliyolowekwa vizuri, bakuli moja kila siku, huenda hata kopo lenyewe akapunguza nusu.

Kopo la kijana lilikuwa limebaki nusu, na hakuwa na pesa ya kulitupa. Tulilifanyia hesabu ya mwisho. Akinunua njegere na kuzichanganya na mchele ule nusu kwa nusu, laisini inakuwa kama 51 kwa gramu, na ukikata moja ya kumi kwa ajili ya isiyosagwa inashuka hadi 46, chini ya mstari. Lakini akichanganya vikombe saba vya njegere kwa vikombe vitatu vya mchele, laisini inakuwa karibu 60 na zenye salfa kama 28, na baada ya kukata moja ya kumi zinabaki 54 na 25. Mistari yote miwili imevukwa, hata kabla ya ugali. Alikwenda na karatasi ile imekunjwa ndani ya kopo. Wiki iliyofuata alinipigia simu akiwa ufukweni, nyundo zikigonga nyuma yake, kuuliza kama saba kwa tatu ni kwa kikombe au kwa mizani. Nilimwambia mizani ni bora, kwa sababu unga wa njegere na wa mchele haujazi kikombe sawa, lakini kama mizani haipo, atumie kikombe kilekile kwa vyote viwili na asikisindilie.